Upangaji huru na kuvukana kwa kromatidi: tunachofundishwa na nzi dume

Maelezo mengi ya meiosisi, yaani mgawanyiko wa seli unaotengeneza mayai na mbegu, huutaja upangaji huru wa kromosomu na kuvukana kwa kromatidi kwa pamoja, kana kwamba ni kazi moja yenye majina mawili. Mimi huona ni afadhali kuvitenganisha kwanza, na kiumbe anayeturahisishia jambo hilo ni nzi wa matunda, yule mdogo ambaye wanajenetikia wamemfuga katika chupa kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1912 Thomas Hunt Morgan alieleza kwamba nzi jike huvukanisha kromatidi zake anapotengeneza mayai, ilhali dume havukanishi kabisa anapotengeneza mbegu. Kwa hiyo ukimchunguza dume unaona upangaji huru ukifanya kazi peke yake, na ukimchunguza jike unaona kile ambacho kuvukana kunaongeza.

Nzi huyu ana jozi nne za kromosomu, na katika kila jozi kromosomu moja imetoka kwa mama na nyingine kwa baba. Katika metafesi ya kwanza ya meiosisi jozi hizo hukaa katikati ya seli, kila kromosomu ikielekea ncha moja na mwenzake akielekea ncha ya pili. Ipi ielekee wapi ni suala la bahati, na mwelekeo wa jozi moja hauathiri mwelekeo wa jozi nyingine. Kwa kuwa kila jozi ina njia mbili za kukaa, gameti za dume zinaweza kuwa za aina 2 × 2 × 2 × 2, yaani 16, na hazizidi hapo.

Tuchukue dume mwenye aleli, yaani toleo la jeni, ya mabawa yaliyodumaa, ambayo jeni yake imo katika kromosomu ya pili, na aleli ya mwili mweusi tititi, ambayo jeni yake imo katika kromosomu ya tatu, huku kila aleli hizo ikiwa imefichwa na mwenzake ya kawaida. Akipandishwa kwa jike aliyerithi aleli zilizofichwa tu kwa sifa zote mbili, watoto hugawanyika katika makundi manne yanayokaribia kulingana, kila moja likiwa robo. Hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: seli moja ya dume haitoi aina hizo nne. Seli moja hutoa mbegu nne za aina mbili tu, kila aina mara mbili, kwa sababu jozi zimekwisha kukaa kwa namna moja mahususi. Robo nne hupatikana kwa sababu katika nusu ya seli jozi hizo mbili zimekaa kwa namna moja, na katika nusu iliyobaki zimekaa kwa namna nyingine.

Sasa tubadilishe jeni moja. Badala ya ile ya kromosomu ya tatu, tuchukue jeni nyingine ya mwili mweusi ambayo imo katika kromosomu ya pili, pamoja na jeni ya mabawa. Dume aliyepokea aleli mbili za kawaida kutoka kwa mzazi mmoja, na zile za weusi na udumavu kutoka kwa mwingine, hutoa watoto wa makundi mawili pekee: wa kijivu wenye mabawa kamili, na weusi wenye mabawa yaliyodumaa. Upangaji huru hauna uwezo juu ya jeni zinazosafiri katika kromosomu moja, kwa sababu unapanga kromosomu nzima, si vipande vyake.

Kwa jike hali ni tofauti, na tofauti hiyo huanzia katika profesi ya kwanza. DNA imekwisha kujinakili, hivyo kila kromosomu ina kromatidi mbili dada, na jozi nzima ina kromatidi nne zilizolala sambamba. Vimeng'enya hukata DNA ya kromatidi moja, na ncha zilizokatwa hutafuta mfuatano unaofanana nazo katika kromatidi ya kromosomu mwenza ili zirekebishwe kwa kuufuata. Baadhi ya marekebisho hayo humalizika kwa kubadilishana: kipande cha kromatidi ya mama huungwa na kipande cha kromatidi ya baba, na kinyume chake. Hakuna jeni inayopotea wala inayoongezeka, maana vipande vinavyobadilishana ni vya eneo lilelile.

Jike mwenye aleli zilezile za dume wetu alipopandishwa kwa dume mweusi mwenye mabawa yaliyodumaa, hesabu maarufu ya majaribio ya Morgan ilikuwa hivi: 965 wa kijivu wenye mabawa kamili, 944 weusi wenye mabawa yaliyodumaa, 206 wa kijivu wenye mabawa yaliyodumaa, na 185 weusi wenye mabawa kamili. Makundi mawili ya mwisho ndiyo yenye mchanganyiko mpya, nao ni 391 kati ya 2,300, yaani asilimia 17.

Watu huielewa asilimia hiyo 17 kuwa ndiyo kiwango cha seli zilizovukanisha, na hapo hukosea. Kuvukana kumoja huhusisha kromatidi mbili tu kati ya nne. Mbili zilizobaki hutoka kama zilivyoingia. Seli iliyovukanisha mara moja kati ya jeni hizi mbili hutoa basi nusu ya bidhaa zake zikiwa mpya na nusu zikiwa za zamani, na kwa hiyo asilimia 17 ya gameti mpya huashiria takriban asilimia 34 ya seli. Kutokana na hilo gameti mpya haziwezi kuzidi nusu, hata jeni mbili zikiwa mbali kiasi gani katika kromosomu moja. Zikiwa mbali sana, kuvukana mara mbili huweza kuzirudisha aleli katika mpangilio wa awali bila kuacha dalili, na jeni hizo huonekana kana kwamba zimo katika kromosomu tofauti. Ndiyo maana Alfred Sturtevant, alipochora ramani ya kwanza ya jeni mwaka 1913, alitegemea zaidi masafa mafupi, akiyajumlisha moja baada ya jingine.

Hesabu hizo hujikagua zenyewe. Kuvukana huzalisha aina mbili mpya kwa usawa, hivyo 206 inapaswa kukaribiana na 185, na 965 na 944, kama ilivyo hapa. Endapo makundi yote yenye mabawa yaliyodumaa yangekuwa machache kwa kiasi kikubwa, ningeshuku kwamba wadudu hao dhaifu wamekufa wakiwa mabuu kabla ya kuhesabiwa, wala si kwamba meiosisi imependelea upande mmoja.

Kwa binadamu mwenye jozi 23, upangaji huru pekee hutoa michanganyiko 8,388,608, na kuvukana huiongeza kupita hesabu yoyote yenye manufaa. Hata hivyo, hakuna kati ya njia hizi mbili inayounda aleli mpya. Hiyo ni kazi ya mabadiliko ya DNA yenyewe. Pale ambapo kromosomu za mama na baba zina aleli zilezile, vipande hubadilishana na gameti hubaki kama zilivyokuwa.

Kuvukana kuna kazi nyingine ambayo haihusu mchanganyiko. Kiasma, yaani mahali ambapo kromatidi zimevukana, hushikilia jozi pamoja hadi anafesi ya kwanza, ili nyuzi za mgawanyiko zizivute kromosomu kuelekea ncha tofauti. Katika mayai ya binadamu, jozi ya 21 ikikosa kiasma, au kiasma kikiwa mahali pasipofaa, kromosomu zote mbili huweza kwenda upande mmoja. Yai lililobaki na zote mbili likirutubishwa, mtoto huwa na kromosomu tatu za 21 badala ya mbili, hali iitwayo sindromu ya Down.