Storibodi ya tangazo la duka: anza na maneno, kalamu ya kuchora baadaye

Tangazo la sekunde 30 huharibika kwenye storibodi, yaani karatasi yenye michoro ya kila picha kwa mpangilio, kabla kamera haijawashwa, na mara nyingi chanzo ni maneno mengi. Nitaeleza kwa kazi moja, ya duka la mablanketi hapa Mwanjelwa, Mbeya.

Mwenye duka alitaka tangazo litaje mablanketi, mashuka, mapazia, masweta, bei, lipa kwa simu na usafirishaji hadi Tukuyu. Nilimwomba ayasome yote kwa sauti huku saa ya simu ikihesabu. Sekunde 30 ziliisha akiwa bado kwenye mapazia. Tukakubaliana tuuze kitu kimoja: blanketi zito la msimu wa baridi.

Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo mimi nahesabu silabi. Kwa mwendo wa mazungumzo naweka silabi tano kwa sekunde, kisha naongeza pumzi kidogo. “Shikamoo mama, karibu” ni silabi tisa. “Marahaba mwanangu” ni saba. Jumla 16, yaani sekunde tatu na ushee. Hapo najua fremu hiyo, yaani picha hiyo moja, itakaa muda gani, na ndipo nachora.

Kwa kuwa tangazo lilikuwa la kuangaliwa kwenye simu, nilichora visanduku vya wima, sentimita 4.5 kwa 8. Mtu wa vijiti anatosha. Kisichopaswa kukosea ni ukubwa wa mtu ndani ya kisanduku na upande aliosimama. Kando ya kila fremu naandika picha ni ya mbali, ya kati au ya karibu, sauti gani inasikika, nani anasema nini, na sekunde. Mshale wa ndani ya kisanduku ni mwendo wa mtu. Wa nje ni mwendo wa kamera.

Storibodi yenyewe ilitoka hivi:

Fremu 1, sekunde 4. Picha ya mbali, nje, asubuhi. Mama amejifunga kitenge mabegani, anapumua mvuke. Sauti ya bodaboda tu.

Fremu 2, sekunde 4. Picha ya kati, mama anaingia dukani. Kijana: “Shikamoo mama, karibu.” Mama: “Marahaba mwanangu.”

Fremu 3, sekunde 3. Uso wa mama kwa karibu. “Baridi hii, usiku silali!”

Fremu 4, sekunde 4. Kijana anashusha blanketi rafu ya juu. Kamera inashuka nalo. “Chukua hili zito, ushike mwenyewe.”

Fremu 5, sekunde 3. Karibu kabisa: vidole vya mama vinazama kwenye manyoya ya blanketi. Kimya.

Fremu 6, sekunde 6. Chumbani usiku, mtoto amelala kajifunika. Msimulizi: “Mablanketi mazito, ya mtoto hadi ya kitanda cha sita kwa sita.”

Fremu 7, sekunde 6. Mbele ya duka, kamera imetulia. Msimulizi: “Tupo Mwanjelwa, Mbeya. Tafuta mlango wa bluu.” Namba ya simu iko kwenye skrini muda wote.

Fremu ya kwanza ina jambo ambalo mchoro pekee hausemi. Mvuke wa pumzi hauonekani kwenye kamera kama jua linampiga mama usoni na nyuma yake ni ukuta mweupe. Jua litoke nyuma yake au ubavuni, na nyuma kuwe na giza. Kwa hiyo nilichora kijua kidogo nyuma ya bega lake na kuandika “ukuta wa kivuli, mapema”. Mpigapicha akiona alama hiyo anajua asimame wapi na kwamba saa nne itakuwa tumechelewa.

Kuanzia fremu ya 2 hadi ya 4 kijana yuko kushoto, mama kulia. Kamera ibaki upande uleule wa wawili hao. Ikirukia ng’ambo, watabadilishana pande kwenye skrini na mtazamaji atadhani mama amegeuka kuondoka.

Fremu ya 5 ndiyo niliyoitetea zaidi. Mwenye duka alitaka bei isomwe pale. Mimi naamini mkono ule ukizama ndio unaouza blanketi, na sauti ikiingia jicho linaacha kuangalia. Bei tukaiandika kwenye fremu ya 7, chini ya namba.

Kabla ya kupiga, nilipiga picha kila fremu kwa simu, nikazipanga zikae sekunde zake, kisha watu wawili wakasoma maneno juu yake. Fremu ya 6 ilibana: silabi kama 24 ndani ya sekunde 6 zinaenea, lakini msomaji alianza kabla mtoto hajaonekana vizuri. Nikaandika pembeni: “Sauti ianze baada ya sekunde moja.” Kisha nikamwonyesha muuza chai wa jirani mara moja tu na kumuuliza duka liko wapi. Akasema, “Mwanjelwa, mlango wa bluu.” Tukapanga siku ya kupiga.