Kusagika kwa pingili za shingo: maana yake, na shingo igeuzwe vipi

Mzee mmoja fundi cherehani, mwenye miaka 71, alikuja kwangu kwa mazoezi ya viungo akiwa na malalamiko mawili. Akigeuza shingo husikia kitu kinakwaruza ndani, kama mchanga chini ya kandambili. Na anapotoa salamu mwisho wa sala, inambidi ageuke na mabega yake yote, kwa kuwa shingo inagoma katikati. Alikuwa amepigwa eksirei na kuambiwa pingili zimesagika. Tangu siku hiyo akaacha kabisa kugeuza shingo, akihofia kuzimaliza.

Kilichomtisha ni hilo neno. Mtu akisikia "kusagika" anaona mahindi kwenye kinu, mfupa unageuka unga. Sivyo ilivyo. Shingo ina pingili 7, na kati ya nyingi ya hizo kuna diski, mto laini wenye majimaji. Umri unavyosonga diski hukauka na kupungua kimo, pingili zikasogeleana. Nyuma yake kuna vifundo vidogo vilivyofunikwa gegedu. Gegedu huchakaa, uso wake ukapoteza ulaini. Mwili nao huota vichomozo vya mfupa pembeni. Ukwaruzaji unaosikika ni nyuso hizo zisizo laini tena zikipitana, pamoja na kano zinazoteleza juu ya mfupa. Ukija bila maumivu, peke yake hauna hatari. Wazee wengi wasioumwa chochote wakipigwa picha huonekana na uchakavu huohuo.

Kugoma kugeuka kuna sababu yake. Karibu nusu ya mgeuko wa kichwa hufanyika kati ya pingili ya kwanza na ya pili, mahali pasipo na diski. Iliyobaki hugawanywa na zilizo chini, na chini huko ndiko uchakavu unakopenda kukaa, hasa kati ya ya tano na ya sita, na ya sita na ya saba. Mtu akiogopa kugeuka, misuli hukaza na viungo vikakakamaa zaidi. Hofu ya yule mzee ilikuwa inampunguzia hata mgeuko uliobaki.

Kabla ya mazoezi yoyote nilimwangalia mikono na mwendo. Vichomozo vikibana mshipa wa fahamu unaotoka shingoni, maumivu au ganzi hushuka mkononi, mara nyingi hadi kidole gumba au cha kati. Vikibana ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo, jambo ni zito zaidi, na huenda shingo isiume hata kidogo: vidole vinashindwa kufunga vifungo vya shati au kutunga uzi kwenye sindano, miguu inakuwa mizito na kuyumba, mkojo unabadilika. Dalili hizo hazingoji mazoezi. Ni za daktari haraka, kama ilivyo shingo iliyoanza kuuma baada ya kuanguka, au inayouma pamoja na homa au kukonda. Mzee wetu alitunga uzi mbele yangu bila shida.

Basi nikampa hili. Akae kwenye kiti chenye egemeo, nyayo chini, mabega yametulia. Ageuze uso kulia polepole mpaka pale anapohisi kuvutika, kabla ya maumivu, ahesabu hadi tano huku akipumua, arudi katikati, kisha kushoto. Mara tano kila upande, asubuhi na jioni, vizuri zaidi baada ya kuoga maji ya moto. Kizunguzungu kikija, au maumivu yakishuka mkononi, aache. Kuzungusha kichwa duara zima nilimkataza, kwa sababu kichwa kikilala nyuma sana matundu yanakopita mishipa ya fahamu hubanika. Na kinyozi asimvunje shingo baada ya kumnyoa, hata kwa nia njema: mzungusho wa ghafla unaweza kuchana mshipa wa damu uendao kwenye ubongo na kuleta kiharusi.

Barabarani asitegemee shingo peke yake. Asimame, ageuze miguu na kiwiliwili upande gari linakotokea, aangalie, ndipo avuke. Kugeuza kichwa ghafla huku unatembea huwaangusha wazee. Cherehani tuliinua kwa vipande vya ubao ili asiiname sana, na kila baada ya nusu saa anainuka. Usiku mto mmoja, unaojaza nafasi kati ya bega na sikio anapolala ubavu.

Baada ya wiki sita aliniambia kwamba akitoa salamu sasa anamwona aliyekaa kando yake, wakati mwanzoni aliishia kuona ukingo wa mkeka. Mkwaruzo bado anausikia kila akigeuka.