Daktari hakuwepo ofisini kwenu, acheni kumwomba aandike kilichotokea huko

Jana tena. Dada kaja ofisini kwetu hapa Ngamiani, Tanga, katoka moja kwa moja hospitali, hata kukaa hajakaa, ananiambia kaka, daktari kagoma kuandika kwamba msimamizi wangu ndiye kanisababishia hii hali, sasa kesi yangu si imekufa? Mimi ni msaidizi wa sheria, kesi za manyanyaso kazini ndizo zinazojaa mezani kwangu, na hili swali nimechoka kulijibu mmojammoja.

Daktari hajagoma. Daktari hakuwepo. Hajui msimamizi wako kakwambia nini stoo, na akiandika "huyu kaumwa kwa sababu ya bosi" wakili wa mwajiri atamuuliza swali moja tu, ulijuaje, na hapo karatasi yenyewe ndiyo imekwisha. Anachoweza kuandika ni vitu viwili: alichokiona na kukipima yeye, na ulichomwambia wewe siku ile. Hicho cha pili ndicho watu wanakidharau na ndicho chenye nguvu, kwa sababu kina tarehe na kiliandikwa kabla hujajua kama utashtaki.

Tatizo ni kwamba hamumwambii! Mtu anaingia anasema kichwa kinauma, anapewa panado, faili linasomeka kichwa, panado, basi. Miezi miwili baadaye anakuja kwangu anasema nilienda hospitali mara tatu kwa ajili ya manyanyaso, namwambia lete tulione faili, halina neno hata moja la kazini. Najua kwa nini, kuna aibu, na foleni nyuma yako ndefu, na mwingine daktari ni jirani yake Makorora. Lakini sentensi moja inatosha: "Silali wiki ya tatu sasa, ilianza msimamizi aliponianza maneno ya kunitaka kazini, nikikaribia zamu yake moyo unanienda mbio." Mwombe aiandike kwenye maelezo yako. Hata akiiandika kwa Kiingereza chake, akisema tu "mgonjwa anaeleza kwamba", inatosha, huhitaji zaidi ya hapo.

Na mjue faili la hospitali halithibitishi kwamba jamaa alisema aliyosema. Hilo linataka meseji, linataka shahidi. Faili, na daftari la usingizi unaloandika kila asubuhi umelalaje, vinaonyesha umeumia na umeumia lini, na hiyo "lini" ndiyo nataka niikalie kidogo.

Nichukue kesi ya mama mmoja, mtunza stoo, nimebadilisha mambo kadhaa asijulikane. Aliandika kwenye kauntabuku usiku 28. Kila asubuhi mistari mitatu tu, amepanda kitandani saa ngapi, ameshtuka mara ngapi, jumla kalala masaa mangapi kwa kukadiria, na pembeni nani alikuwa zamu. Tukahesabu pamoja usiku aliolala chini ya masaa matano, ukawa 17. Peke yake hiyo 17 haisemi kitu, watu wengi hawalali. Ila katikati hapo yule msimamizi alienda likizo, usiku 8. Kwenye ule usiku 20 aliokuwepo, mibaya 15. Kwenye ule 8 aliokuwa hayupo, mibaya 2. Hapo ndipo daftari linapoanza kuongea.

Ule usiku miwili alitaka kuufuta. Akaniambia kaka hii inatuharibia, mtoto alikuwa na homa tu. Nikamkatalia kabisa. Uache, na uandike hapohapo mtoto alikuwa na homa. Daftari ambalo kila usiku mbaya ni wa bosi na kila usiku mzuri ni wa likizo linanuka, na mtu anayesikiliza mashauri kila siku analinusa mapema kuliko wewe. Vivyo hivyo ukikaa Jumapili moja ukajaza mwezi mzima kwa kalamu moja na mwandiko uleule, inaonekana. Umesahau siku tatu? Andika "naandika leo tarehe 14 kwa kukumbuka", hakuna atakayekulaumu. Ramadhani ukiamka daku, andika daku.

Kuna jambo hata mimi linanisumbua kwenye hesabu ile. Upande wa pili walisema zile siku za likizo ya msimamizi ndizo siku stoo haikuwa na kazi nyingi, ya kuhesabu mzigo ilikuwa imeshapita, kwa hiyo labda mama alikuwa anakosa usingizi kwa uchovu na hofu ya hesabu. Siwezi kusema ni uongo. Kilichotusaidia ni kwamba miezi ya nyuma mzigo ulihesabiwa vilevile na hakuwa na ziara hata moja hospitali. Ilisaidia, haikufuta swali.

Halafu saa! Hili linanitoa roho. Mama kaandika "saa 3 kanitumia meseji". Simu inaonyesha 21:04. Mashine ya mahudhurio inatoa 07:42, yeye kaandika saa 1 na dakika 42, kadi ya hospitali ina saa za kizungu. Mwakilishi wa mwajiri akasoma "saa 3" kama saa tisa za usiku, akasema meseji ya muda huo haipo, mlalamikaji anatunga. Tulipoteza karibu asubuhi nzima. Andika saa 3 usiku, na pembeni 21:00, kila mara.

Kutokwenda kazini ndiko kunakowaumiza zaidi. Mtu anashindwa kuamka, anabaki nyumbani kimya kwa sababu hataki kuongea na yuleyule anayemnyanyasa, na siku za kimya zikizidi tano za kazi mwajiri ana kosa la utoro mkononi, kesi imegeuka. Likizo ya ugonjwa unayo kisheria, siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu, ila mwajiri halazimiki kulipa bila cheti cha daktari. Kwa hiyo siku ileile nenda hospitali, chukua karatasi ya mapumziko, ipige picha, ipeleke kwa rasilimali watu siyo kwa msimamizi, na kopi yako wakusainie kwamba wamepokea na tarehe.

Msikusanye mwaka mzima. Kama hujaachishwa kazi, mgogoro unatakiwa ufike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu ulipotokea, ukiachishwa ni siku 30. Wiki nne za daftari safi zinatosha kuanzia.

Faili zima usilitoe. Humo kuna vipimo vya ujauzito, vya virusi, mambo ya ndoa, na ukishaliweka mezani wote watalisoma. Omba hospitali ripoti fupi ya zile ziara tu, tarehe, ulichoeleza, walichokuta, walichokupa. Yule mama ripoti yake ilikuwa ukurasa mmoja. Usuluhishi uliisha kwa msimamizi kuhamishiwa zamu nyingine na mama kurudishiwa siku nne alizokatwa. Daftari aliacha kuliandika wiki ileile, maana alisema kuamka kila siku kuhesabu masaa kulikuwa kunamkosesha usingizi nako, na mimi mpaka leo sijui nimwambie nini anayenieleza hivyo wiki ya pili.