Picha ya kikundi cha waliosimama: kunyoosha mistari iliyoinama na kuwarudishia umbo waliosimama pembeni

Picha ninayoitumia zaidi darasani kueleza jambo hili niliipiga mwenyewe, katika sherehe ya kwanjula, ile ya kumtambulisha bwana harusi nyumbani kwa bibi harusi, iliyofanyika ndani ya ua mwembamba jijini Kampala. Watu tisa wa upande wa bibi harusi walisimama mstari mmoja mbele ya ukuta wenye nguzo mbili za lango, wanawake wamevaa gomesi na wanaume kanzu na koti, nami nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa hema la wageni. Baadaye nilipima kwa futi kamba na kukuta kwamba nilikuwa mita 3.6 tu kutoka kwao. Niliwapata wote kuanzia kichwani hadi miguuni, lakini nilipoifungua picha kwenye kompyuta niliona nguzo za lango zimeachana juu na kusogeleana chini, waliosimama pembeni wameinamia nje kama wanaotaka kuanguka, na shangazi wa bibi harusi, aliyekuwa wa mwisho upande wa kulia, amenenepa kuliko alivyo. Alipoiona alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu kweli ni mimi?"

Watu wengi wanaoletewa picha kama hiyo huifungua katika zana ya kurekebisha mtazamo na kuvuta vitelezi huku na huku wakitumaini kwamba kila kitu kitakaa sawa kwa pamoja. Hakitakaa, kwa sababu hapo kuna kasoro mbili zenye vyanzo tofauti. Kuinama kwa mistari kunatokana na kamera iliyoelekezwa chini au juu badala ya kutazama mbele sawasawa. Kunenepa kwa watu wa pembeni kunatokana na mahali aliposimama mpiga picha, na kungekuwapo hata kama kamera ingekuwa imenyooka kabisa. Zana ya mtazamo huponya kasoro ya kwanza. Ya pili haiigusi, na ukiilazimisha utaharibu hata kile ulichokwisha kukinyoosha.

Nianze na kuinama. Nilishika kamera kwenye usawa wa macho, yaani kama mita 1.6 kutoka ardhini, nikailenga katikati ya miili yao ili miguu isikatwe. Kwa umbali ule, kufanya hivyo ni kuiinamisha kamera kwa nyuzi 12 hivi, na hesabu ya jiometri inaonyesha kwamba mtu wa mwisho kabisa kwenye mstari wangu alilalia nje kwa nyuzi 7 hivi. Kadiri mtu alivyo mbali na katikati ya picha ndivyo anavyoinama zaidi, ndiyo maana bibi harusi aliyesimama katikati alionekana wima kabisa na hakuna aliyemlalamikia. Kamera ikiinama chini, vichwa huenda nje na miguu huonekana mifupi. Ikiinuliwa juu, vichwa huinamia ndani. Dalili hiyo peke yake inatosha kukueleza kamera ilikuwa ikitazama wapi.

Katika Lightroom Classic, kazi huanzia kwenye paneli ya `Lens Corrections`, ambapo unawasha `Enable Profile Corrections` ili mikunjo inayoletwa na lenzi yenyewe iondoke kwanza. Kisha unaingia kwenye `Transform`, unachagua `Guided`, na kuchora mistari miwili juu ya vitu ambavyo unajua vilijengwa wima. Mimi nilitumia nguzo mbili za lango, moja kila upande. Ninasisitiza kwamba mistari hiyo ichorwe juu ya jengo na si juu ya watu. Wanafunzi wangu wengi huvutiwa na darizi la rangi ya damu ya mzee linaloshuka kifuani mwa kanzu, lile ambalo Waganda huliita omulera, kwa sababu linaonekana kama mstari ulionyooka vizuri. Lakini darizi hilo hufuata kifua na tumbo la aliyelivaa, na mtu mwenyewe huegemea mguu mmoja bila kujua, hivyo ukilifanya kuwa kipimo utaipindisha picha nzima ili kumnyoosha mtu mmoja. Mahali pasipo na nguzo wala mlango, tumia kitelezi cha `Vertical` polepole, ukiangalia watu wawili wa mwisho, kushoto na kulia, mpaka mlalo wao uishe kwa pamoja.

Nguzo zikisimama wima, sehemu ya chini ya picha huwa imepanuliwa na ya juu imebanwa, na pembe mbili tupu hubaki kwenye kona za juu. Nafasi ya kukata pembe hizo lazima iwe ilikwisha kuachwa wakati wa kupiga. Mtu aliyejaza fremu kwa watu kutoka ukingo hadi ukingo atalazimika kuchagua kati ya pembe tupu na bega lililokatwa. Wakati mwingine watu wote hutoka wafupi au warefu kupita kiasi baada ya marekebisho, na hilo hurekebishwa kwa kitelezi cha `Aspect` kwa kulinganisha na kitu ambacho vipimo vyake unavijua. Kwa wanaofanya kazi hii kwenye simu, zana ya `Perspective` ndani ya Snapseed ina sehemu ya `Tilt` inayofanya jambo hilohilo, ila huko jicho ndilo kipimo. Kamera iliyoinamishwa sana haiokoki vizuri kwa njia yoyote, kwa kuwa pikseli za miguuni huvutwa mno na viatu hupoteza ukali.

Hapo ndipo nilipofika mara ya kwanza, nikadhani nimemaliza. Nguzo zilikuwa wima, watu wamesimama sawa, lakini shangazi alikuwa bado mnene.

Sababu yake ni hii. Kamera ya kawaida huchora ulimwengu juu ya bapa, na bapa hilo huvitendea haki vitu bapa vilivyo sambamba nalo. Matofali ya ukutani yaliyo ukingoni mwa picha hutoka na ukubwa uleule wa yale ya katikati. Mwili wa mtu si bapa. Una unene, na mwanga unaotoka kwake hulikuta bapa la kamera kwa mshazari, kama kivuli cha mpira kinavyorefuka jua linapoinama. Urefu wake hubaki uleule kama wa wenzake walio kwenye mstari huo, ila upana huongezeka. Kiasi cha ongezeko hilo kinaweza kuhesabiwa kwa kujua mambo mawili tu: umbali wa mtu kutoka katikati ya mstari, ambao nauita `a`, na umbali wa kamera kutoka kwenye mstari wenyewe, ambao nauita `b`.

```
k = sqrt(1 + (a/b)^2)
```

Shangazi alikuwa mita 2.2 kutoka katikati, na mimi nilikuwa mita 3.6 kutoka kwenye mstari. Jibu ni 1.17, maana yake alitoka mnene kwa asilimia 17. Aliyekuwa karibu naye alikuwa mita 1.65 kutoka katikati, akaongezeka kwa asilimia 10, na wa tatu kutoka mwisho kwa asilimia 5 hivi, kiasi ambacho ni vigumu kukiona. Angalia kwamba aina ya lenzi haimo kabisa katika hesabu hiyo. Lenzi pana hulaumiwa kwa sababu ndiyo inayoturuhusu kusimama karibu namna ile. Kama ningeweza kurudi hadi mita 7, shangazi angeongezeka kwa asilimia 5 tu, hata kwa lenzi ileile, na ningekata eneo lililozidi baadaye.

Kuna jambo moja ambalo huwashangaza hata mafundi wazoefu: ile hatua ya kuwasha marekebisho ya lenzi huzidisha unene wa watu wa pembeni. Lenzi nyingi pana huikunja picha kidogo kingoni, na mkunjo huo huwabana watu. Ukiuondoa ili ukuta unyooke, unawavuta nje. Kwa hiyo kikundi kikiwa kimesimama mbele ya nyasi, miti au anga, pasipo mstari ulionyooka wa kulindwa, mimi hukishusha kitelezi cha `Distortion` kilicho chini ya marekebisho hayo na kuwaachia watu faida hiyo.

Uani kwetu palikuwa na ukuta na nguzo, hivyo ilinibidi nifanye kazi ya pili kwa mkono, ndani ya Photoshop. Nilichagua kwa mstatili eneo lote la kulia, kuanzia kwenye nafasi iliyo kati ya mtu wa tatu na wa pili kutoka mwisho hadi ukingo wa picha, juu hadi chini. Nikabonyeza `Ctrl+T`, nikashikilia `Shift`, na kuusukuma upande wa nje kuelekea ndani mpaka upana ukafika asilimia 90, huku urefu ukibaki vilevile. Upande wa kushoto nikaufanyia hivyohivyo, kisha nikakata nafasi tupu iliyobaki kingoni. Katika GIMP, ambayo haina malipo, kazi hiyo hufanywa kwa kifaa cha kubadili ukubwa kinachofunguliwa kwa `Shift+S`, baada ya kufungua mnyororo unaounganisha upana na urefu.

Nilichagua asilimia 90 kwa sababu eneo lile lina watu wawili wenye kasoro tofauti. Shangazi alirudi kutoka asilimia 17 hadi karibu 5, na aliyekuwa jirani yake akarudi kwenye umbo lake halisi, akipungua kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Ningebana hadi shangazi awe sawasawa kabisa, jirani yake angetoka mwembamba kupita kiasi. Mstari wa kuanzia lazima upite kwenye nafasi iliyo wazi kati ya watu, kamwe usikate bega wala mkono, kwa kuwa mstari wowote wa mshazari unaopita hapo huvunjika kidogo. Gharama nyingine iko ukutani: matofali ya eneo lililobanwa huwa membamba kwa asilimia 10. Ukuta uliopigwa lipu hauonyeshi chochote. Lango la nondo huonyesha, na penye nondo ni afadhali kubana kidogo zaidi ya nusu tu ya kinachohitajika.

Ili kujua kama kazi imetosha, usitegemee kumbukumbu ya sura ya mtu. Tafuta picha nyingine ya mtu huyohuyo iliyopigwa kwa mbali, akiwa ametazama mbele, upime upana wa kichwa na kuugawanya kwa urefu wake. Kwa shangazi, picha ya mbali ilinipa 0.68. Katika picha ya kikundi kabla ya kubana nilipata 0.80, na baada ya kubana 0.72. Miguu yake ilibaki imevutwa kidogo kuelekea kona ya chini, kwa kuwa vilivyo karibu na kona hiyo huvutwa nje na chini kwa pamoja, na kubana kwa upana pekee hakuondoi hilo.

Siku hizi, uani pale au mahali pengine pembamba, huishusha kamera hadi usawa wa kiuno na kuitazamisha mbele bila kuiinamisha, kisha huwapanga watu kwenye mstari ulionyooka. Siwapangi kwa upinde unaokuja kwangu, kwani walio mwishoni wakisogea mbele huongezeka urefu pamoja na unene. Wawili wa kila mwisho huwaomba wageuze mabega kidogo kuelekea katikati ili mwili uoneshe upande wake mwembamba, na walio wakubwa wa umri, wenye gomesi pana zaidi, huwaweka karibu na bibi harusi, mahali ambapo `a` ni ndogo.