Mtegemezi kwenye viza ya mwanafunzi wa Uingereza ni nani?

Kwetu Lamu na Malindi, mtegemezi ni neno pana: mama mzazi, mdogo wako unayemsomesha, mpwa aliyefiwa. Kwenye viza ya mwanafunzi ya Uingereza ni watu wa aina mbili tu: mwenzi wako na mtoto wako aliye chini ya miaka 18. Mama, hata kama anakula kwa mkono wako, hamo.

Tena si kila mwanafunzi anaruhusiwa kuwachukua hao. Tangu tarehe 1 Januari 2024, ruhusa imebaki kwa anayesoma uzamivu, anayesoma shahada nyingine ya juu ya utafiti, na anayefadhiliwa kikamilifu na serikali kwa kozi inayozidi miezi 6. Uzamili wa kawaida wa mwaka mmoja, wa madarasa na tasnifu mwishoni, umetoka. Wengi huponzwa na jina la kozi: kinachotazamwa ni kama sehemu ya utafiti ni kubwa kuliko ya kufundishwa. Kiulize chuo swali hilo kwa maandishi kabla hujalipa chochote.

Tumchukue mwanamke wa Malindi aliyepata nafasi ya uzamivu wa miaka 3 mjini Leeds. Chuo kinamlipia ada na matumizi yake. Ana mume, mtoto wa miaka 7 na wa miaka 3. Ufadhili wake hauwataji hao watatu, kwa hiyo fedha zao lazima zionyeshwe kando: nje ya London ni pauni 680 kwa mwezi kwa kila mtu, kwa miezi 9. Hiyo ni pauni 6,120 kila mmoja, jumla 18,360. Ndani ya London ni 845 kwa mwezi.

Hapa ndipo maombi mengi hukwama. Fedha hizo zikae benki siku 28 mfululizo, na salio lisishuke chini ya kiwango hata siku moja. Michango ya harambee ikikamilika tarehe 10, siku zinaanza kuhesabiwa tarehe 10, si siku ya mchango wa kwanza. Akaunti iwe ya mwanafunzi au ya mumewe. Ya nyanya haikubaliki, na shamba au fedha za chama hazihesabiwi. Ukiweka shilingi, hubadilishwa kwa kiwango cha tovuti ya kubadilishia sarafu ya OANDA cha siku ya kutuma maombi, basi ongeza kidogo juu, kwani shilingi ikiteleza utapungukiwa.

Kuna pia ada ya afya, pauni 776 kwa mwaka kwa kila mmoja. Viza ya kozi hiyo huwa na mwezi mmoja kabla na minne baada, yaani miaka 3 na miezi 5. Miezi 5 hutozwa nusu mwaka. Kila mtegemezi ni 2,716, na watatu ni 8,148. Hii hulipwa yote mara moja, na haitolewi kwenye zile 18,360. Ada ya viza yenyewe iko mbali.

Nikaha peke yake haitoshi: kinachotakiwa ni cheti cha ndoa kilichosajiliwa, na kila karatasi ya Kiswahili au Kiarabu iwe na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Kipimo cha kifua kikuu hufanywa Nairobi, na cheti chake hudumu miezi 6. Mtu wa Lamu, akishavuka Mokowe na kupanda basi, heri apange safari moja ya mambo yote.

Jambo ambalo familia nyingi hazilitarajii: mama hawezi kwenda na watoto na kumwacha baba nyumbani. Wazazi wote wawili wawe wanaomba pamoja au wako Uingereza tayari, isipokuwa mmoja amefariki, au mmoja peke yake ndiye mwenye jukumu lote la mtoto, au kuna sababu nzito kweli.

Wakishafika, mume ana uhuru mkubwa kuliko mkewe. Mwanafunzi amefungwa kwenye saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo. Mume aweza kufanya kazi siku nzima, kuajiriwa au kujiajiri, ila asiwe mwanamichezo wa kulipwa wala kocha. Aweza kusoma pia, lakini chuo kikuu kwa kawaida kitamtoza ada ya mgeni.

Mtoto wa miaka 7 anaingia shule ya serikali bila ada. Nafasi huombwa kwa halmashauri ya mji, na shule iliyo karibu nanyi yaweza kuwa imejaa. Wa miaka 3 hupata saa 15 za chekechea kwa wiki bure, kwa wiki 38 za mwaka, kuanzia muhula unaofuata siku aliyotimiza miaka 3. Posho ya watoto ya serikali si yao: viza imeandikwa kwamba hawaruhusiwi kugusa fedha za umma, na kuiomba ni kuvunja masharti ya viza.