Usahihi wa seli kwa seli, na mstari mmoja unaovuruga hesabu

Chukua ukurasa mmoja wa leja ya mapokezi ya korosho kutoka ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kule Newala. Kuna wakulima 12, kila mmoja na mstari wake, na safu tano: namba ya mwanachama, jina, magunia, kilo na daraja. Pale mstari unapokutana na safu ndipo penye seli, kwa hiyo ukiacha vichwa vya safu, ukurasa una seli 60. Umeskaniwa, kisha programu ya kusoma maandishi imelichopoa jedwali na kulimimina kwenye Excel. Katika seli hizo 60, ni ngapi zimetoka vilevile zilivyoandikwa kwenye karatasi? Hicho ndicho kinachoitwa usahihi wa seli kwa seli.

Huwezi kujua bila kitu cha kulinganisha nacho, yaani nakala ya rejea: jedwali lilelile ambalo mtu amekaa na karatasi akalichapa kwa mkono. Mchapaji ana sheria moja ngumu kuliko inavyosikika: haruhusiwi kurekebisha karatasi. Karani wa ghala akiwa ameandika "Hamis" na wewe unajua fika kwamba mzee yule ni Hamisi, unachapa "Hamis". Jumla ikiwa imekosewa chini ya ukurasa, unaichapa na kosa lake. Tunachopima ni kama programu imesoma kilichoandikwa. Kama karani alipatia au alikosea, hilo ni la mkaguzi wa hesabu.

Kuna njia ya mkato inayovutia nayo ni mbaya: kuchukua jedwali la programu na kulipitia huku unasahihisha, ukaliita rejea. Jicho likishaiona 412 kwenye skrini, litaisoma 412 hata kwenye karatasi. Rejea ichapwe kutoka mwanzo, tena ikiwezekana na watu wawili kila mmoja peke yake. Pale wanapotofautiana, warudi kwenye karatasi pamoja.

Sasa tulinganishe. Rejea tumeiweka A2 hadi E13, jedwali lililochopolewa limeanzia G2. Wengi wetu huandika hivi:

```
=SUMPRODUCT(--(A2:E13=G2:K13))
```

Fomula hii inahesabu seli zinazofanana zikiwa mahali pamoja. Kwenye ukurasa wetu ikatoa 22. Ishirini na mbili kwa 60 ni asilimia 37, na ukiishia hapo utaifuta programu siku hiyohiyo.

Lakini tazama jedwali lenyewe. Mistari mitatu ya kwanza iko sawa kabisa. Mstari wa nne haupo: mhuri wa ghala ulipigwa juu ya jina la mkulima huyo na programu ikauruka. Kuanzia hapo kila mkulima amepanda ngazi moja. Wa tano analinganishwa na wa nne, wa sita na wa tano, mpaka mwisho, na rejea ya mkulima wa 12 imebaki bila mwenzake. Kwa hiyo kosa moja limehesabiwa kama makosa karibu arobaini. Kibaya zaidi, katika zile 22 kuna seli 7 zilizopatana kwa bahati tu: 6 za daraja, kwa sababu karibu kila mtu alileta daraja la kwanza, na moja ya magunia.

Dawa yake ni kuoanisha mistari kabla ya kulinganisha seli. Unahitaji safu inayomtambulisha mkulima bila kurudiwa, na hapa ni namba ya mwanachama. Jina halifai, maana Newala ukiita "Fatuma" wanageuka watano. Kilo za kila mkulima unazivuta hivi, ukimtafuta kwa namba yake:

```
=VLOOKUP($A2,$G$2:$K$12,4,FALSE)
```

Mkulima asiyeonekana atakurudishia `#N/A`, na huo ndio mstari uliopotea. Kama namba yenyewe ndiyo iliyosomwa vibaya, pia utapata `#N/A`, ila upande wa pili utakuta mstari mmoja uliobaki yatima. Hao wawili unawaoanisha kwa macho ikiwa jina na seli nyingine zinapatana, kisha unahesabu kosa la namba peke yake.

Baada ya kuoanisha, ukurasa wetu una seli 55 zilizotoka. Kati yake 52 ni sahihi na tatu zimekosewa: kilo 472 zimekuwa 412, kilo 246 zimekuwa 240, na jina moja limepoteza herufi. Kutokana na hapo unapata namba mbili, na zote mbili ni za kweli. Ukigawa 52 kwa seli 60 za karatasi ni asilimia 87: hii inakuambia karatasi imefika kiasi gani. Ukigawa 52 kwa seli 55 zilizotoka ni karibu asilimia 95: hii inakuambia uamini kiasi gani kile kilichofika. Anayekutajia moja bila kusema amegawa kwa nini, muulize.

Ila mimi huwa natazama safu kwanza. Safu ya daraja ina 11 kati ya 12. Safu ya kilo ina 9 kati ya 12, asilimia 75, na kilo ndizo zinazogeuka malipo ya mkulima baada ya mnada. Wastani wa jedwali zima umebebwa na safu rahisi. Na hata ndani ya safu ya kilo kipimo hiki hakioni ukubwa wa kosa: 7 iliyosomwa kama 1 imemla mkulima kilo 60, 6 iliyosomwa kama 0 imekula kilo 6, lakini kila moja imehesabiwa seli moja. Ndiyo maana huweka pembeni pia tofauti ya jumla ya kilo.

Halafu kuna makosa ambayo si makosa. Mchapaji ameandika 1250, programu imetoa "1,250" kama maandishi. Excel itasema hazifanani. Namba ya mwanachama 0417 ukiichapa kwenye seli ya kawaida inageuka 417, sifuri imeondoka, na VLOOKUP haitamwona mtu huyo. Zipange safu za namba za wanachama kuwa maandishi kabla hujachapa, na uondoe koma na nafasi za ziada pande zote mbili. Upande wa pili wa shilingi, Excel ikilinganisha seli tupu na sifuri inasema ni sawa, wakati kwenye leja sifuri maana yake alipimwa akakutwa hana kitu, na tupu maana yake karani hakuandika. Seli tupu kwa tupu nazo zinahesabiwa kuwa zimepatana, kwa hiyo leja yenye safu ya "maoni" ambayo hakuna anayeijaza itakupandishia alama bure. Mimi huziondoa kwenye hesabu. Kanuni hizi zote ziandikwe kabla ya kuona matokeo, la sivyo utajikuta unasamehe kila kosa linalokukera.

Ukurasa mmoja hautoshi kuihukumu programu. Makosa huja kwa mafungu: mwandiko uleule, kalamu ileile inayovuja, mhuri uleule. Seli 600 kutoka kurasa kumi za ghala moja zinakuambia habari za karani mmoja. Mimi ningechapa kurasa kumi zilizochaguliwa kwa kura kutoka maghala mbalimbali ya Newala na Tandahimba, nikatazama asilimia ya kila ukurasa peke yake, hasa ule uliofanya vibaya kuliko zote.