Mvua iliponyesha: nilifunika, au nilikuwa nimefunika?

"Maalim, 'tulipofika jeti boti iliondoka' na 'tulipofika jeti boti ilikuwa imeondoka' zote ni habari za jana. Kwa nini nisumbuke na hiyo 'ilikuwa imeondoka' ndefu?"

Kwa sababu katika sentensi ya kwanza umeiona boti ikiondoka, na katika ya pili hukuiona. Ya kwanza inasema mlifika na papo hapo boti ikang'oa nanga, pengine hata mliipungia mkono. Ya pili inasema mlifika mkakuta maji matupu.

Kiambishi -li- kazi yake ni moja: kukirudisha kitendo nyuma ya sasa. Hakisemi kitendo hicho kiko mbele au nyuma ya kitendo kingine. Ukiweka vitendo viwili, kimoja na -lipo- na kingine na -li- tupu, msomaji hukishika chenye -lipo- kiwe ndiyo saa yenyewe, kisha kile cha pili akakiweka saa ileile au baada yake kidogo. Ukitaka kile cha pili kiwe kilitangulia, lazima umwambie. Ndiyo kazi ya maneno mawili yale. "Ilikuwa" inampeleka msomaji mpaka saa ile mliyosimama jetini, na "imeondoka" inamwambia kuwa kwa saa hiyo kuondoka kulikuwa kumekwisha.

Mimi huandikia watu barua hapa Lamu, na nimeliona jambo hili likigombanisha watu. Nahodha mmoja alivusha mifuko arubaini ya simiti kutoka Mokowe, upande wa bara. Njiani mvua ikanyesha. Mzigo ulipofika mjini, mifuko sita ilikuwa imelowa, na simiti ikilowa huganda jiwe, haina kazi tena. Mwenye mzigo akataka maelezo kwa maandishi. Nahodha akaniambia niandike, nami nikaandika kama nilivyosikia: "Mvua iliponyesha, nilifunika mzigo kwa turubai."

Mwenye mzigo aliisoma mara moja tu akasema, "Basi alichelewa. Amekiri mwenyewe." Nahodha akaruka. "Nimechelewa wapi, bwana? Turubai nililifunga Mokowe, kabla hatujafungua kamba!"

Kosa lilikuwa langu. Alipokuwa akinisimulia, mkono wake ulikuwa ukionyesha upande wa Mokowe, na mimi nikijua kuwa kufunika kulitangulia. Karatasi haina mkono. Sentensi niliyoiandika ilisema mvua ilikuja kwanza na turubai likafuata. Aliyoitaka yeye ni hii: "Mvua iliponyesha, nilikuwa nimefunika mzigo kwa turubai." Mvua ni ileile na turubai ni lilelile, lakini hatia imehama.

Tangu siku ile nina njia ya kujipima. Nikiweza kutia "ndipo" na maana yangu ikabaki, natumia -li- tupu: mvua iliponyesha, ndipo nilipofunika. Nikiweza kutia "tayari", naandika "nilikuwa nimefunika": mvua iliponyesha, tayari nilikuwa nimefunika. "Ndipo" na "tayari" hazikai pamoja mahali pamoja, kwa hiyo jibu hupatikana mara moja.

Chukua mfano wa Malindi, ambako msomaji asiyejua historia hana mkono wa kumwonyesha njia. Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi wa Aprili 1498, alikuwa amepita Mombasa, na alipata rubani wa kumvusha hadi Uhindi. "Alikuwa amepita" inarudi nyuma ya kufika, "alipata" inakwenda mbele yake. Andika "alipita Mombasa" na msomaji atadhani meli zilitoka Malindi zikateremka kusini.

Sasa kuna jambo ambalo wanaojifunza Kiswahili kwa kupitia Kiingereza hulikosea sana, nami nalipenda kuliko yote. Wao hudhani kila kilichotangulia jana lazima kipewe "ilikuwa". Sivyo. Sikiliza mtu wa Lamu akisimulia: "Tukafika jeti, tukakuta boti imeondoka." Hakuna "ilikuwa" hapo, na hakuna anayedhani kuwa boti imeondoka sasa hivi, wakati wa masimulizi. Kwa nini? Kwa sababu -me- haijafungwa kwenye sasa ya msemaji. Inasema tu kwamba kitendo kimekwisha kwa saa tunayoizungumzia, na saa hiyo imeshawekwa na "tukakuta". "Ilikuwa" ni ya kuiweka saa. Ikiwa kitenzi kingine kimeshaiweka, huna haja ya kuiweka mara ya pili. Ndivyo ilivyo baada ya kukuta, kuona na kusikia: "Nilimwona amesimama mlangoni", "nilisikia ameondoka". Kiingereza kwa kawaida hakifanyi hivyo. Chenyewe, kikisimulia yaliyopita, mara nyingi hukilazimisha kile kitenzi cha ndani nacho kivae wakati uliopita.

Kwa sababu hiyohiyo, ukitumia "kabla" au "baada" mpangilio umeshasemwa. "Baada ya kufunga turubai, tuliondoka" inatosha.

Lakini -me- ina tabia moja ya kuchunga. Kwa vitenzi kama kulala, kukaa, kusimama na kuvaa, huonyesha hali mtu aliyomo kuliko kitendo kilichokwisha. "Nilipobisha hodi, alikuwa amelala" maana yake yumo usingizini. Ukitaka kusisitiza kuwa hilo lilikwisha fanyika mapema, tia -sha-: "alikuwa ameshalala". Mimi huitia hata kwa kufunika, kwa sababu turubai laweza kuwa limefungwa sasa hivi au tangu zamani, na -sha- huondoa shaka.

Kwa kukanusha, usikimbilie "sikuwa nimefunika" kwanza. Kiswahili kina -ja-, na ndiyo inayokuja mdomoni: "mvua iliponyesha, nilikuwa sijafunika". Ndani ya -ja- mna kwamba kufunika kulikuwa kunangojewa. Nahodha angetamka hivyo angekuwa amejifunga mwenyewe.

Jambo jingine la barua ndefu: ukisharudi nyuma mara moja, usirundike. "Nilikuwa nimepakia, nilikuwa nimehesabu, nilikuwa nimefunga" humchosha msomaji bure. Rudi nyuma kwa kitenzi cha kwanza, kisha vingine vifuate kwa -ka-: nilikuwa nimepakia, nikahesabu, nikafunga. Ile -ka- hubeba saa ya kitenzi kilichotangulia na kuipeleka mbele hatua moja moja.

Barua ya pili niliiandika mbele ya nahodha, nikimsomea kila sentensi:

"Mvua iliponyesha, nilikuwa nimeshafunika mzigo kwa turubai. Tulipofika Lamu nilifunua, nikakuta mifuko ya juu ni mikavu na mifuko sita ya chini imelowa. Maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini kabisa ya chombo, yalikuwa yameipanda mbao iliyoshika mzigo."

Mwenye mzigo aliposoma hapo, hakuuliza tena habari za mvua. Aliuliza ngama ilikaushwa lini mara ya mwisho, na nahodha akalazimika kufikiri kabla ya kujibu.